Jiko la futi saba kwa kumi: acha ukuta mmoja bila kabati

Juzi msomaji mmoja anayejenga Ipogolo, Iringa, kaniandikia: "Shikamoo dada. Jiko langu ni futi saba kwa kumi. Fundi anataka kupiga kabati pande zote mbili, anasema ndiyo kisasa. Nimwache?"

Marahaba mdogo wangu. Usimruhusu. Jiko langu hapa Uyole, Mbeya, ni hizohizo saba kwa kumi, na maneno hayo niliambiwa pia, tena si na fundi peke yake. Wifi yangu alisimama mlangoni akacheka: "Hili jiko mbona limekatwa nusu?" Siku ile nilinyamaza. Leo nakujibu wewe, na yeye akisoma ni sawa tu.

Tuanze na futi. Futi saba ni sentimita 213, lakini hizo ni za tofali tupu. Plasta ikishapigwa pande zote unabaki na 210 hivi, na marumaru za ukutani zinakula tena kidogo. Kwa hiyo usikubali seremala apime kabla ya plasta. Kaunta ya kawaida ina kina cha sentimita 60. Ukiweka mbili zinazotazamana zimekula 120, njia inabaki 90. Kwenye karatasi 90 inatosha. Sasa fungua oveni: mlango ukilala unatoka mbele kama sentimita 50. Umebakiwa na 40 za kusimama, kuinama na kutoa trei ya moto, huku makalio yamegota kabati la nyuma. Mwongozo unaotumiwa na wachoraji wa majiko Marekani unataka njia ya sentimita 107 kwa mpishi mmoja na 122 kwa wawili. Na sisi lini tumepika peke yetu? Ukiwa na msiba au ubarikio, jikoni mko wanne: huyu anamenya viazi, yule anachambua mchele wa Kyela, na kuna shangazi asiyefanya kitu ila hatoki.

Ndiyo maana nikaacha ukuta mzima wa kulia. Kaunta yangu ina umbo la herufi L: inafuata ukuta mrefu wa kushoto, inakata kona, inamalizikia ukuta mfupi wa dirishani. Sakafu mbele yangu ina upana wa sentimita 150. Oveni ikifunguliwa bado ninazo 100.

Hapo ndipo inapokuja pembetatu ya kazi. Wazo hili lilikuzwa Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani miaka ya 1940, walipokuwa wakitafuta namna ya kupanga nyumba ndogo. Unachukua vitu vitatu unavyovirudia kila wakati, yaani sinki, jiko na friji, halafu unapima kutoka katikati ya uso wa kimoja hadi kingine. Kila upande uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na ukijumlisha zote tatu upate kati ya mita 4 na 7.9. Chini ya hapo vitu vinabanana na huna pa kukatia kitunguu. Juu ya hapo unatembea kutwa. Halafu njia ya wapita njia isikatize katikati.

Kwangu ni hivi. Ukiingia kutoka koridoni, friji iko kona ya kushoto. Inafuata kaunta ya sentimita 55, kisha jiko la plate nne lenye oveni, upana 60, kisha kaunta nyingine ya 60 kabla ya kona. Sinki liko chini ya dirisha, katikati yake ni sentimita 140 kutoka ukuta wa kushoto. Friji hadi jiko ni 115, jiko hadi sinki 120, sinki hadi friji 220. Jumla mita 4.55. Hiyo 115 imepungukiwa kidogo na nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu kutoka friji kwenda jikoni moja kwa moja unakwenda mara chache. Kitu kutoka kwenye friji kwanza kinaoshwa au kinakatwa. Upande usiotakiwa kuuchezea ni wa sinki na jiko, maana huko ndiko unakopita na sufuria ya viazi vinavyochemka ukamwage maji.

Kuna walioniuliza kwa nini jiko halipo dirishani, penye hewa. Wanaouliza hivyo hawajakaa Uyole. Upepo wa hapa ukiingia unazima moto wa gesi, na pazia liko juu yake.

Zile kaunta fupi katikati ya vitu si mabaki ya nafasi. Ni mahali pa kutua. Ukiipua sufuria lazima iwe na pa kukaa hapohapo, pande zote mbili za jiko: angalau sentimita 30 upande mmoja na 38 upande mwingine. Friji nayo inataka kama 38, tena upande wa kishikio cha mlango, si wa bawaba. Hili wengi hawalioni hadi friji imefika. Friji nyingi zinakuja bawaba zikiwa kulia. Katika mpango kama wangu kaunta iko kulia kwa friji, kwa hiyo mlango ukifunguka unasimama katikati yako na kaunta, na kila kitu unakizungusha hewani. Uliza dukani kama mlango unageuzwa. Na uache sentimita tano au zaidi kati ya friji na ukuta, la sivyo droo za ndani hazitoki.

Kitu kimoja Wamarekani wale hawakukifikiria: sisi tuna majiko mawili. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku inatuingiza ndani na jiko la mkaa, tunafunga dirisha, tunaota moto huku maharage yanachemka. Hewa ya mkaa haina rangi wala harufu, na inaua. Jiko la mkaa likae nje kabisa, kwenye kibaraza cha uani. Ndiyo sababu mlango wangu wa uani uko kwenye ule ukuta wa kulia, karibu na mlango wa koridoni. Mwenye makande yake anatoka na kuingia pembeni, hanigusi niliye kati ya sinki na jiko. Wifi yangu alitaka pale pawe na kabati la vyombo vya wageni. Leo sikukuu zote anakuja kupikia kwangu, na hajasema kwa nini.

Mdogo wangu wa Ipogolo, kabla fundi hajamwaga zege la kaunta chora mpango wote sakafuni kwa chaki, kila kitu kwa kipimo chake. Weka boksi mahali pa friji, chukua ubao wa sentimita 50 uulaze mbele ya jiko uwe mlango wa oveni, kisha mwite mtu apite na ndoo ya maji nyuma yako. Akikugusa, rudi kwenye chaki. Cha kuamua mapema kuliko vyote ni bomba la maji machafu la sinki, kwa sababu likishapita chini ya sakafu ndilo linaloshika pembetatu nzima. Kabati unaweza kulihamisha hata mwakani. Mpe fundi bomba kipimo cha katikati ya sinki kwa maandishi, na usimamie mwenyewe akitoboa ukuta.