Pawabanki ya wati 65, chaji bado inashuka

"Pawabanki yangu imeandikwa wati 65, sawa na chaja ya laptopu. Mbona chaji inashuka nikifanya kazi nzito?"

Ndugu, angalia kwanza maandishi madogo karibu na matundu. Mara nyingi namba kubwa ya kwenye boksi ni jumla ya matundu yote: USB-C hutoa wati 45, lile jingine 20. Laptopu inapata 45 tu, na ikihitaji zaidi inachota kwenye betri yake.

Unachotafuta ni tundu la USB-C lenye alama ya PD, yaani Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa, lililoandikwa 20V na 3.25A. Zidisha: volti 20 mara ampea 3.25 ni wati 65. Tundu la volti 5 pekee kwa kawaida laptopu hulikataa kabisa.

Kisha waya. USB-C wa kawaida unabeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, hata pawabanki iwe na nguvu kiasi gani. Kwa 65 chukua wa ampea 5, ulioandikwa 100W au 240W. Waya huo una chipu inayoijulisha pawabanki uwezo wa waya. Unene wa waya usikudanganye. Hata hivyo, kama tundu lako ni la 45, waya mpya hautabadilisha kitu.