Sunzua la unyayoni: angalieni mistari ya ngozi

*Swali la wiki: "Nina sunzua gumu chini ya unyayo. Nimelikata kwa wembe mara tatu na kila mara linarudi. Kuna dawa ya nyumbani, na ni lini niende likaondolewe?"*

Kwanza hakikisha ni sunzua kweli, maana sugu ya kiatu hufanana nalo sana. Loweka mguu, kwangua juu kidogo, kisha tazama mahali penye mwanga. Kwenye sugu, mistari ya ngozi hupita katikati kama kawaida. Kwenye sunzua mistari hiyo hukatika pembeni, na ndani utaona vidoa vidogo vyeusi, ambavyo ni vijishipa vya damu iliyoganda. Tena sunzua huuma zaidi ukilibana kwa vidole kutoka pande mbili, ilhali sugu huuma ukiibonyeza kwa juu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, huku kwetu kusini, kwenye mikorosho. Mtoto wa dada yangu, fundi umeme, alikuwa na sunzua kubwa kama punje ya mahindi chini ya mguu wa kushoto. Alilikata kwa wembe, baadaye rafiki yake akampaka mafuta ya ganda la korosho. Yale mafuta yaliunguza hata ngozi nzima ya pembeni, akachechemea wiki mbili. Kidonda kilipopona, sunzua likawa bado lipo, na vitoto vitatu vimeota kando yake. Hakuna ajabu: sunzua ni kirusi kinachoishi ndani ya ngozi ya juu. Wembe huondoa kichwa tu, na ile damu na michubuko humfungulia kirusi mlango wa jirani. Maji ya betri na utomvu wa mnyaa ni hadithi ileile, na huo utomvu ukiingia machoni ni balaa jingine.

Nilimnunulia dawa ya maji ya asidi ya salisiliki, asilimia 17, ile ya kupaka. (Marhamu ya fangasi yenye salisiliki asilimia 3 haitoshi, msiuziwe hiyo.) Kila usiku aliloweka mguu dakika kumi katika maji ya uvuguvugu, akaufuta, akasugua ile ngozi nyeupe iliyolainika kwa kipande cha msasa anachokitupa baadaye. Jiwe la bafuni linalotumiwa na nyumba nzima halifai. Kisha alizungushia mafuta ya mgando kuikinga ngozi nzima, akadondosha dawa juu ya sunzua tu, akaacha ikauke, akafunika kwa plasta. Pakiwa pekundu na panauma, anapumzika siku mbili tatu, halafu anaendelea.

Hapa ndipo wengi hushindwa. Wiki ya saba unyayo ulikuwa tambarare, hauumi tena, akaniambia, "Mama mdogo, limekwisha." Nikamwambia alete mguu. Vidoa vyeusi viwili vilikuwepo bado na mistari haijapita. Angeacha pale, lingerudi na angesema dawa haifai. Wiki ya kumi na moja mistari ilipita moja kwa moja, ndipo tukaacha. Kwa hiyo jipe wiki kumi na mbili, na hukumu yako iwe mistari, siyo maumivu.

La kidoleni hutibiwa vivyo hivyo, ila kama unatafuna kucha utalihamishia vidole vingine. Kwa mtoto ambaye halimsumbui, mimi ningeliacha. Mengi huisha yenyewe ndani ya miaka miwili.

Miezi mitatu ikipita bila nafuu, nenda kliniki ya ngozi. Wenye naitrojeni ya maji hulichoma kwa baridi, mara kadhaa kila wiki mbili au tatu, kwa hiyo usitegemee safari moja. Pengine hulichoma kwa umeme au kulikwangua baada ya sindano ya ganzi. Kwa unyayo ulizie kwanza habari ya kovu, kwa sababu kovu mahali unapokanyagia linaweza kukuuma miaka mingi kuliko sunzua lenyewe.

Wengine wasianze nyumbani kabisa. Mwenye kisukari au miguu iliyokufa ganzi asipake asidi, hatahisi inapomuunguza. Uso na sehemu za siri hazipakwi dawa hii. Masunzua yakikuzuka mengi kwa ghafla, pima VVU. Na lile linalotoa damu lenyewe, lenye doa jeusi linalotanuka, au kidonda kando ya ukucha kisichopona, likatazamwe wiki hii na kukatwa kipande cha kupimwa. Kwetu sisi weusi, saratani ya ngozi ya aina ya melanoma hupenda unyayo, na nimeona watu wakija nayo wakiwa wameipaka dawa ya sunzua mwaka mzima.