Vitabu arubaini na moja: uingie kwa kipi?

Nikimtajia mtu Discworld, mfululizo wa riwaya za Terry Pratchett, swali la kwanza ni idadi. Nikijibu arubaini na moja, vilivyotoka kuanzia 1983 hadi 2015, mwenzangu huguna, mazungumzo yakahamia kwengine. Binti wa ami yangu wa Wete hakuguna. Yeye husoma kwenye boti akija Unguja, na sharti lake lilikuwa moja: "Kaka, nataka hadithi inayoanza na kwisha. Sitaki nifike mwisho niambiwe tafuta cha pili."

Wengi wangempa cha kwanza kwa sababu ni cha kwanza. Mimi nilikataa. The Colour of Magic kinamalizika huku mhusika mkuu, mchawi mwoga aitwaye Rincewind, anaporomoka kutoka ukingoni mwa dunia yao iliyo bapa, na kilichompata kimo kwenye kitabu cha pili. Basi sharti limevunjika tangu mwanzo. Tena mwandishi mwenyewe alikuwa bado anautafuta ulimwengu wake. Vitabu vya baadaye vimeiva zaidi.

Wapenzi wa mfululizo nao wana lao, watakupa wanachokipenda wao. Mara nyingi ni Night Watch cha 2002. Ni kitabu kizito na kizuri, lakini mgeni hakimfai. Mkuu wa askari wa mji, Sam Vimes, anarudishwa nyuma miaka thalathini, anakutana na watu anaowajua wakiwa bado vijana. Ladha yote imo katika kuwatambua: huyu kijana mwanafunzi ndiye atakayekuja kuutawala mji, yule mtoto wa mitaani ndiye atakayekuwa koplo. Asiyewajua wakiwa watu wazima ataona vijana tu wanapita.

Kwa hiyo siku hizi sitazami nambari ya kitabu. Natazama mhusika mkuu. Akiwa mgeni wa mahali, kila kitu ataelezwa yeye, na msomaji atasikia hapo hapo. Kisha natazama kama jambo lililofunguliwa mwanzoni linafungwa kabla ya jalada la nyuma.

Ndipo nikampa Going Postal cha 2004. Ni cha thelathini na tatu kwa mpangilio wa kutoka, na hilo halikumdhuru hata kidogo. Moist von Lipwig ni tapeli wa kusafiri anayehukumiwa kunyongwa. Ananyongwa kweli, ila kwa ustadi wa kumwacha hai, na anazindukia ofisini kwa Vetinari, mtawala wa mji. Anapewa hiari: aifufue posta ya mji iliyokufa, au atoke kwa mlango ule pale. Nyuma ya mlango ni shimo. Posta yenyewe imejaa barua ambazo hazikupelekwa, zimerundikana hadi darini, na waliobaki kazini ni mzee mmoja na kijana mwenye wazimu wa kukusanya pini. Moist haijui posta, nawe huijui, mnajifunza pamoja. Ushindani na kampuni ya minara inayopeleka habari kwa taa unaanza na kumalizika humo humo.

Pana pahala ambapo Moist anajitetea kwamba yeye hajamgusa mtu kwa silaha. Mlinzi wake, jitu la udongo aitwaye Pump, anamjibu kwamba ameshaua watu wawili nukta tatu tatu nane. Hesabu hiyo inatokana na wengi waliofilisika na kufa mapema kwa sababu ya utapeli wake. Binamu yangu alinipigia simu kwa ajili ya ukurasa huo tu.

Nilimtahadharisha jambo moja. Kitabu kina dibaji mbili, na ya kwanza inazungumzia merikebu za wafu zinazoelea chini ya bahari. Ina kiza, haieleweki mara moja. Aipite, hadithi inashika njia katika sura ya kwanza. Na sura zenyewe ni faida kwa msomaji wa botini, maana vingi katika mfululizo huu havina sura kabisa, huoni pa kusimama.

Kuna kilichojitenga zaidi ya hicho: Small Gods cha 1992, ambacho wahusika wake wakuu hawamo katika kundi lolote la vitabu vingine. Lakini kinamhusu mungu aliyekwama katika umbo la kobe, na viongozi wa dini wanaopenda madaraka kuliko imani. Dini yenyewe ni ya kubuni, hata hivyo kwetu huku si kila mtu atakichukulia kwa mzaha. Namweleza mtu kwanza, akiridhika ndipo nampa.

Binamu alikimaliza, akaniuliza kuhusu wale askari wa mji wanaoingia na kutoka. Nimempelekea Guards! Guards! cha 1989, kwani wao wanaanzia hapo.