Mwaka wa pili uhasibu, nataka CPA: nilivyosoma semista zangu

"Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa pili, shahada ya uhasibu. GPA 3.9, sina sapu hata moja. Lengo langu ni kuipata CPA(T) mapema baada ya kumaliza chuo, niingie kwenye ukaguzi. Tatizo semista ikiisha tu nasahau karibu kila kitu. Mliopita njia hii, mlikuwa mnasomaje mkiwa bado chuoni?"

Mdogo wangu, karibu. Anza kwa kuweka vitu viwili mezani: orodha ya kozi zako zote za chuo na mtaala wa bodi (NBAA) unaotumika sasa. Mwenye shahada ya uhasibu haanzii ngazi ya awali, anaingia moja kwa moja ngazi ya kati. Wakati wangu ngazi hiyo ilikuwa na karatasi 6 na ngazi ya mwisho karatasi 4. Pitisha kalamu, andika pembeni ya kila kozi ya chuo inaingia karatasi gani ya bodi. Utaona kozi yako ya kodi, ya ukaguzi, ya gharama, ya usimamizi wa fedha na zile zote za taarifa za fedha zina mwenzake kule. Utaona pia kozi ambazo hazina mwenzake. Hizo zisome za kufaulu vizuri, lakini zisile saa zako za ziada.

Sababu ya kusahau ni kwamba chuo kinafunga kozi. Unafanya testi, unafanya UE, matokeo yanatoka, madesa yanaenda chini ya kitanda. Bodi haifungi kitu. Kwenye karatasi ya taarifa za fedha ya ngazi ya mwisho utakutana na hesabu za pamoja za kampuni mama na kampuni tanzu, na ndani ya swali hilo hilo kuna uchakavu uliofundishwa mwaka wa kwanza. Chukulia kampuni tanzu ina jengo la milioni 300 vitabuni. Siku kampuni mama inainunua, jengo linathaminiwa milioni 360 na limebakiza miaka 20. Ile milioni 60 ya ziada inazaa uchakavu wa ziada wa milioni 3 kila mwaka. Ikiwa imepita miaka 3, milioni 9 inatoka kwenye thamani ya jengo na kwenye faida ambayo kampuni tanzu imetengeneza tangu inunuliwe, na hapo ndipo unapoanza kugawa faida kati ya mama na wenye hisa wachache. Niliokaa nao kwenye vikundi vya kujiandaa walikuwa wanazijua hatua za kuunganisha hesabu. Walichokosa mara nyingi ni ile milioni 9, kwa sababu uchakavu waliuacha mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo nilipanga daftari zangu kwa mada, si kwa semista. Mafaili manne: taarifa za fedha, kodi, ukaguzi, na moja la gharama pamoja na usimamizi wa fedha. Kila mada ina karatasi moja tu: kanuni kwa maneno yangu, swali moja lililofanywa mpaka mwisho, na chini kabisa sehemu ambayo nimewahi kuchanganya. Kozi ya semista mpya ikigusa mada ya zamani, narudi kwenye karatasi ile ile kuongeza, siandiki mpya. IAS 16 yangu ilianza mwaka wa kwanza na ikaendelea kuandikwa mpaka mwaka wa tatu.

Faili la kodi lina jambo lake la pekee, na hapa naomba utulie kidogo. Maarifa ya kodi yanaharibika yakiwa ndani ya faili. Kila mwaka Bunge linapitisha Sheria ya Fedha, na mabadiliko mengi huanza tarehe 1 Julai. Chukua mfanyakazi wa Tanzania Bara mwenye mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi, anachangia NSSF 10%. Mchango ni 120,000, unaondolewa kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa ni 1,080,000. Kwa viwango vya kuanzia Julai 2021, 270,000 ya kwanza haitozwi. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni 8%, mpaka 760,000 ni 20%, mpaka 1,000,000 ni 25%, na kinachozidi ni 30%. Ukijumlisha ngazi kwa ngazi, 1,000,000 ya kwanza inaleta kodi ya 128,000. Zile 80,000 zilizozidi zinaleta 24,000. PAYE ni 152,000, na mkononi anapata 928,000.

Sasa mwanafunzi aliyejifunza mada hii mwaka mmoja kabla, alifundishwa 9% kwenye ngazi ile ya 8%. Mtu huyo huyo, mshahara huo huo, kodi inakuwa 154,500. Aliyejifunza kabla ya Julai 2020 hata kianzio hakikuwa 270,000, kilikuwa 170,000. Ndani ya shahada moja ya miaka mitatu namba zilibadilika mara mbili, na wenye madesa ya kurithi kwa kaka zao walizikariri zote. Ndiyo maana kwenye kila karatasi ya kodi andika juu kabisa: sheria hii ni mpaka tarehe gani. Kila Julai kaa na faili lako, tafuta mabadiliko ya mwaka huo, rekebisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Ni kazi ya siku moja ya likizo. Njia ya kukokotoa haibadiliki mara kwa mara, kwa hiyo njia ndiyo ya kuiweka kichwani, na namba uziache kwenye karatasi yenye tarehe. Usiingie chumba cha mtihani wa bodi kabla hujasoma maelekezo yanasema viwango vya mwaka gani vitumike.

Kuhusu wiki yenyewe ya masomo. Bodi inaweka kwenye tovuti yake maswali ya mitihani iliyopita na majibu pendekezwa. Kila wiki nilichagua swali moja linaloendana na kilichofundishwa darasani wiki hiyo na kulifanya kwa mkono, simu ikiwa mbali, saa ikiwa mbele. Karatasi nilizofanya mimi zilikuwa za saa 3 na alama 100: swali la lazima la alama 40, halafu unachagua matatu ya alama 20. Ukigawa, swali la alama 20 lina dakika 36, la alama 40 lina dakika 72. Dakika zikiisha piga mstari, endelea kwa kalamu nyingine. Kilicho juu ya mstari ndicho ungekipata kwenye mtihani.

Halafu sahihisha mwenyewe kwa ukali, na kila alama uliyopoteza ipe sababu. Nilikuwa na sababu nne tu: sikuijua kanuni, niliijua lakini sikujua nianzie wapi, nilikosea hesabu, au muda uliisha. Mwisho wa mwezi unaangalia ipi imejaa. Ikiwa ni ya kwanza, rudi kwenye kitabu na kwa mwalimu, maswali zaidi hayatakusaidia. Ikiwa ni ya pili, unahitaji maswali mengi ya mada hiyo hiyo yaliyovaa nguo tofauti. Hesabu zikiwa ndiyo tatizo, andika hatua zako zote, kwa sababu msahihishaji anatoa alama kwenye njia hata jibu la mwisho likiwa baya, ila njia asiyoiona hawezi kuipa alama. Na muda ukiwa ndiyo tatizo, karibu kila mara ni kwamba unapamba jedwali kabla hujamaliza hesabu za chini.

Ukaguzi na utawala bora ni karatasi za kuandika, na hapa wenye GPA nzuri wanashangaa. Chuoni unaweza kuorodhesha aina tano za udhibiti wa ndani ukapata alama zako. Kule unapewa kampuni: mtunza stoo anapokea mzigo, anaandika kwenye leja na yeye huyo huyo ndiye anayehesabu mwisho wa mwezi. Jibu linalotakiwa lina sehemu tatu zinazoshikana: udhaifu ni kazi zote kuwa kwa mtu mmoja; athari yake ni kwamba mzigo unaweza kuchukuliwa na daftari likarekebishwa bila mtu kugundua; pendekezo ni kuhesabu kufanywe na mtu asiyehusika na stoo. Ukiandika "hakuna mgawanyo wa majukumu" ukaishia hapo, umeacha sehemu kubwa ya alama. Na unaandika kwa Kiingereza, ndani ya muda. Zoezi langu lilikuwa aya tatu kila wiki, nikimpa rafiki asiye mhasibu asome. Asipoelewa hatari iko wapi, naandika upya.

UE ikikaribia, haya yote yaweke pembeni. Wiki hizo ni za mtihani wa chuo, na hilo lisikupe wasiwasi. UE ikiisha, kabla hujafunga begi la kwenda nyumbani, tenga nusu siku uhamishe kila kozi kwenye mafaili yako manne. Kazi hii ukiiahirisha mpaka likizo haifanyiki, nimeiona kwa wengi. Na wiki ya kwanza ya semista mpya, kabla walimu hawajachangamka, chukua maswali matatu ya semista iliyopita uliyokwisha kuyafanya na uyafanye tena bila kufungua faili. Ukilifanya vizuri baada ya likizo nzima, hilo umelishika. Lililoanguka linarudi kwenye ratiba ya wiki. Kwangu hiki ndicho kilichonionyesha kusahau kwangu kuko wapi hasa. Niliweza kukumbuka hadithi ya mada, nikashindwa hatua ya kwanza ya hesabu.

Uende na field kwa macho ya lengo hili pia. Kufaulu mitihani peke yake hakukusajili, bodi inadai na uzoefu wa kazi. Ukipangiwa mahali, omba wakupe hata siku chache kwenye ulinganishi wa benki, ritani za VAT au kuhesabu mali mwisho wa mwezi, na uandike kwenye kitabu chako cha field ulifanya nini kwa mikono yako. Swali la ukaguzi linasomeka tofauti kabisa ukishawahi kusimama stoo na karatasi ya kuhesabia.

Jambo moja uliamue mapema. Kama ndani yako kuna wazo la kubaki chuoni kufundisha, GPA yako ilinde kuliko haya yote, kwa sababu vyuo vya umma vinataka 3.8 kwa shahada ya kwanza na 3.9 yako iko karibu na mstari. Swali moja la bodi kwa wiki halitaiangusha. Vikundi vya mapitio vya kila jioni ukiwa bado mwaka wa pili vinaweza, nisingekushauri uviingie sasa.

Mitihani ya bodi huwa Mei na Novemba, na usajili unafungwa mapema kabla yake. Ukimaliza mwaka wa tatu, uliza ofisi ya mitihani ya chuo matokeo rasmi yanatoka lini, ndipo ujue Novemba ya mwaka huo inawezekana au ujipange kwa Mei. Sijui semista hii unasoma kozi zipi. Ziweke hapa pamoja na mtaala uliopakua, nikuoneshe maswali ya kuanza nayo wiki ijayo.