Utepe umebadilika, kadi ya ndani bado

"Geji ya otoklevu inasoma psi 15, utepe wa nje una mistari myeusi, ila kadi ya ndani ya kifurushi haijabadilika. Nitumie vifaa?"

Habari mkuu. Usivitumie. Utepe unaonyesha tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Kagua hewa kwanza: ikibaki ndani nayo inasukuma geji, utaona 15 huku joto halijafika nyuzi 121. Sisi, kwa otoklevu ya kuwekwa jikoni, huacha vali wazi mpaka mvuke utoke mfululizo dakika 5, ndipo tunafunga. Dakika 30 zihesabu joto likishafika 121, si tangu kuwasha. Tena usishindilie vifurushi. Kadi ikibadilika, bado jaribu kichupa cha spora; kikigeuka njano kwenye inkubeta, spora hazijafa, yaani vifaa havijatakasika.