Andika Vigeu Vyako Kwa Namna Inayopimika

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinitumia ripoti yake ya pendulamu sahili. Grafu ilikuwa safi na hesabu zimekaa sawa, lakini sehemu ya mbinu ilikatwa karibu alama zote. Alikuwa ameandika: "Kigeu huru ni urefu, kigeu tegemezi ni muda, vinavyodhibitiwa ni vingine vyote." Sentensi hiyo naijua vizuri. Enzi zetu tuliinakili ubaoni neno kwa neno, tukakatwa alama vilevile, na hakuna aliyetuambia ina kasoro gani. Hadi leo inaniuma, ndiyo maana nilimjibu kwa kirefu.

Tuanze na urefu. Urefu wa nini? Uzi umebanwa kati ya vipande viwili vya kizibo kwenye stendi, na chini inaning'inia gololi ya chuma. Pendulamu inabembea kuanzia ukingo wa chini wa kizibo, na urefu wake unaishia katikati ya gololi, si kwenye fundo. Tuseme gololi ina nusu kipenyo cha sentimita 1, nawe umepima hadi juu yake tu. Kila urefu uliouandika utakuwa pungufu kwa sentimita 1. Ukichora T², yaani mraba wa kipindi cha mbembeo mmoja, dhidi ya urefu L, mteremko utabaki uleule wa karibu 4, ila mstari hautapita kwenye sifuri: utakata mhimili wa T² juu kidogo, kwenye 0.04 hivi. Mwalimu anayesahihisha ataliona hilo, na kama hukusema ulipima kutoka wapi hadi wapi, hawezi kujua limetokana na nini. Kwa hiyo andika: "Kigeu huru ni urefu L, kuanzia ukingo wa chini wa kizibo hadi katikati ya gololi. Ulibadilishwa kutoka mita 0.25 hadi mita 1.00, kila mara kwa kuongeza mita 0.15."

"Muda" nao haujitoshelezi. Kinachotegemea urefu ni kipindi T, yaani muda wa mbembeo mmoja kamili, kwenda na kurudi. Kwenye mita 1.00 kipindi ni kama sekunde 2.0, na kidole chako kinaweza kuchelewa sekunde 0.2 kwenye stopwochi. Hiyo ni sehemu ya kumi ya kipimo chote. Ndiyo sababu tunapima mbembeo 20, kama sekunde 40, kisha tunagawa kwa 20. Yaandike yote mawili, kile unachokitafuta na namna ulivyokipata.

Sasa tuje kwenye "vingine vyote", na hapa ndipo ninapokuwa mkali, maana neno hilo linaficha uvivu. Kigeu kinachodhibitiwa lazima kitajwe jina, kipewe thamani, na ielezwe kimeshikiliwaje. Tazama pembe ya kuvutia gololi. Wengi huandika "gololi ilivutwa sentimita 10 kila mara" wakiamini wamedhibiti. Hawajadhibiti! Kwenye uzi wa mita 1.00, sentimita 10 ni pembe ya karibu nyuzi 6. Kwenye uzi wa mita 0.25, sentimita 10 hizohizo ni karibu nyuzi 24, na kipindi kinarefuka kwa asilimia 1 hivi. Maana yake nukta za urefu mdogo zinapanda juu ya mahali pake huku za urefu mkubwa zikitulia, na ukipitisha mstari mmoja mteremko unapungua kidogo. Kinachotakiwa kubaki vilevile ni pembe, si umbali. Weka kipimapembe nyuma ya uzi, andika "nyuzi 5 kila mara", utakuwa salama.

Gololi pia: tumia ileile moja mwanzo hadi mwisho na useme hivyo. Uzito wenyewe haubadilishi kipindi, lakini gololi kubwa zaidi inashusha kitovu chake, na L yako inabadilika bila wewe kujua. Feni uizime.

Binti huyo aliandika upya aya tatu tu, grafu hakuigusa, na mwalimu wake akampa alama za mbinu zote. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Jana akaniuliza swali zuri: je, idadi ya mbembeo, ile 20, nayo ni kigeu kinachodhibitiwa? Hapana. Ukihesabu 10 au 30, kipindi cha pendulamu hakibadiliki. Kinachobadilika ni uhakika wa kipimo chako. Kwa hiyo 20 inakaa kwenye sentensi ya kigeu tegemezi, pale unapoeleza T ilivyopimwa, na haingii kwenye orodha ya pembe na gololi.