Tangazo la sekunde 10 lisiloonekana linapoishia

Matangazo mengi ya biashara ndogo Mbeya na Iringa yanakufa mahali pale pale, sekunde mbili za mwisho. Picha inafifia, nembo inaingia, namba ya simu inatokea, kisha sauti ya "Karibuni sana". Picha ikianza tu kufifia, mtazamaji anajua hapa pameisha na kidole kinapandisha video inayofuata. TikTok, Reels na Shorts zote hurudia video zenyewe bila kuombwa, lakini hakuna anayesubiri marudio ya kitu alichoambiwa kimekwisha.

Dawa yake ni kumnyima mtazamaji ule mwisho. Njia rahisi kuliko zote haihitaji ufundi wa kompyuta: piga tendo moja kwa mkupuo, likate katikati, kisha nusu ya pili iweke mwanzoni mwa tangazo na nusu ya kwanza iweke mwishoni. Video ikirudi mwanzo, fremu ya mwisho na fremu ya kwanza ni zile zile zilizofuatana ulipokuwa unapiga. Maungio yanapotea kwa sababu hayakuwahi kuwepo.

Tuchukue muuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Tendo ni hili: mfuko mtupu uko juu ya mizani, mkono unachota mchele kwa sado, unainua, unamimina, mshale wa mizani unapanda mpaka unatulia. Lifanyike taratibu, lichukue kama sekunde tano. Simu iwe kwenye stendi, na kabla ya kurekodi bonyeza kioo kwa muda mpaka mwanga na fokasi vijifunge. Mawingu ya Mbeya hupita na kurudi bila taarifa, na simu iliyoachwa ijipangie mwanga itabadilisha rangi ya picha katikati ya kumimina.

Kata pale mchele unapokuwa hewani, mshale ukiwa njiani. Watu wengi hukata mkono ukiwa umetulia kwa kudhani ni salama zaidi. Ni kinyume. Jicho likiona kitu kimesimama linapata nafasi ya kugundua mabadiliko, ila likifuata kitu kinachoanguka linaendelea nacho. Na usijaribu kupiga nusu mbili kwa nyakati tofauti: mshale utaruka kutoka kilo moja hadi mbili na nusu, na huo mruko ndio utakaoonekana kuliko mchele wenyewe.

Sasa tangazo linapangika hivi. Linaanza na mchele ukiwa tayari unaanguka mfukoni, hadi mshale unatulia. Inafuata sufuria ikifunuliwa na mvuke ukitoka. Halafu bei kwa maandishi makubwa. Mwisho mkono unachota, unainua, unaanza kumimina, na hapo video inarudi mwanzo. Faida ya ziada ni kwamba mtazamaji mgeni anakutana na tendo lililokwisha kuanza, na hilo peke yake linamshika.

Urefu wa kila kipande uamuliwe na muziki. Mdundo wa mapigo 96 kwa dakika una sekunde 2.5 kwa kila mapigo manne, kwa hiyo vipande vinne vya sekunde 2.5 vinakupa sekunde 10 kamili na mapigo 16. Muziki nao unarudi mwanzo ukiwa sawasawa. Ukiacha video iwe sekunde 10.3, pigo la kwanza litachelewa kila mzunguko, na sikio hugundua haraka kuliko jicho. Ondoa pia kufifia kwa sauti mwishoni; programu nyingine huweka kwenye muziki bila kukuuliza. Hakikisha pigo zito la ngoma liko kwenye fremu ya kwanza kabisa. Simu nyingi huacha ukimya mdogo sana video inaporudi, na pigo hilo linaufunika. Sauti ya mchele unaomiminika, kwa sababu inaendelea bila kukatika, haiwezi kuufunika, hivyo ipunguze kwenye maungio.

Maneno ya msimuliaji yazunguke vilevile. Kwa mfano: "Mchele wa Kyela, wa msimu huu, haujachanganywa. Harufu inatoka kabla maji hayajakauka. Bei ndiyo hiyo. Ukifika Mwanjelwa, ulizia…" Na video inarudi: "Mchele wa Kyela…" Mahali pa duka pametajwa, mteja ameambiwa la kufanya, na sentensi imejifunga yenyewe. Wakati wa kurekodi, asome mzunguko mzima mara tatu bila kusimama, nawe uchukue ule wa katikati. Akisoma mara moja tu, sauti itashuka kwenye "ulizia" kama mtu anayemaliza hotuba, na kazi yote ya picha itakuwa bure.

Kuna mitego midogo inayoharibu kazi nzuri. CapCut huongeza kipande chake chenye nembo mwishoni mwa video. Kifute kabla ya kuhifadhi. Ukitumia kichujio cha rangi, kiweke kwenye mkupuo mzima kabla ya kuukata, na kutuliza mtikisiko vilevile, maana kila nusu ikitulizwa peke yake picha hukatwa pembeni kwa vipimo tofauti. Maandishi yanayoingia kwa mbwembwe sekunde ya kwanza yatatangaza kwamba video imeanza upya. Kama jina la duka linaonekana mwanzoni, liwepo pia kwenye kipande cha mwisho, mahali pale pale, limetulia. Na usinakili fremu ya kwanza ukaibandika mwishoni ili "zifanane": fremu mbili zinazofanana zikifuatana, mchele unakwama hewani kidogo, kama kigugumizi.

Kabla ya kurusha, iingize video iliyokamilika kwenye programu mara tatu mfululizo, uitazame bila kuangalia mstari wa muda. Ukiweza kunyoosha kidole na kusema "imeanza hapa", bado haijawa tayari.

Kuhusu kusambaza, jambo linalosahaulika ni kwamba watu wengi watakurushia tangazo kwenye makundi ya WhatsApp na Status, na huko video haijirudii. Itasimama mkono ukiwa hewani na neno "ulizia" likining'inia, na mtu atadhani imekatika. Tengeneza toleo la pili: mpangilio wa kawaida, kuchota hadi mshale kutulia, halafu bei na namba ya simu kwa sekunde mbili. Faili hilo litoke kwenye simu yako moja kwa moja, lisiwe limepakuliwa kutoka TikTok, maana lililopakuliwa huja na alama na nembo yao mwishoni.

Kitu cha kumfanya mtu arudie kwa makusudi kinaweza kuongezwa kwenye maelezo chini ya video: "Mizani imesoma kilo ngapi?" Watu watarudi kuangalia mshale na watabishana kwenye maoni. Bei usiifiche kamwe kwa mtindo huo. Mnunuzi anayelazimishwa kutazama mara tatu ili ajue bei anaona anachezewa, na wala hatafika dukani.

Baada ya siku mbili, fungua takwimu za TikTok uangalie Average watch time. Kwa tangazo la sekunde 10, wastani unaopita 10 maana yake wapo wanaorudia. Ukiwa 6 au 7, usilaumu maungio; watu wanaondoka kabla hawajayafikia, na tatizo liko kwenye mvuke au bei. Grafu ikiporomoka ghafla sekunde ya tisa, hapo ndipo mwisho unaonekana. Kwa Shorts, usifurahie idadi ya kutazamwa peke yake: tangu tarehe 31 Machi 2025 YouTube huhesabu kila mara video inapoanza au kujirudia, kwa hiyo mtu mmoja aliyeacha simu mezani anaweza kukupa namba nzuri bila kuwa mteja.